Vyondo Sita na Skrini ya Kijerumani

Dada yangu alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa naanika nguo ambazo nilijua hazitakauka. Ilikuwa Agosti, na baridi ya Nairobi ilikuwa bado imekaza. Huku mtaani kwetu Mountain View, nguo hukaa kwenye kamba siku tatu zikinuka moshi wa jirani.

“Pesa imekataa kutoka,” alisema, bila hata salamu.

“Pesa gani?”

“Ya vyondo. Ile ya wazungu. Nimeingia kwa hiyo mashini nikabonyeza kila kitu. Imekataa. Na mwenyekiti anakuja Jumamosi.”

Hapo nikajua siku zangu za wiki hiyo zimekwisha.

Dada yangu anauza vyondo, vile vikapu vya kusuka kwa mkono, mjini, katika chumba cha ukubwa wa meza mbili, ghorofa ya pili ya jengo moja lililogawanywa kwa mbao na vioo. Kushoto kwake mtu anauza viatu, na kulia kwake mtu anatengeneza simu. Vyondo vyake havinunui kwa pesa taslimu. Anavichukua mali kauli kutoka kikundi cha kina mama wanaosuka Kangemi. Wanampa bandeli ya vyondo kumi, anauza, kisha analipa. Hakuna karatasi kati yao, na kwa miaka tisa hakujakuwa na neno baya. Mwenyekiti wa kikundi hicho ni mama wa makamo asiyeketi bure. Husuka akitembea, husuka akiongea, na akinyamaza na mikono ikaendelea, ujue amekasirika.

Duka la mtandaoni lilianza kwa mteja mmoja, mama wa Kijerumani aliyekuwa akiishi mtaa wa Karen. Alimpenda dada, akapenda vyondo, akamfungulia duka katika soko moja dogo la kwao la kazi za mikono. Alilisajili kwa jina na kitambulisho cha dada, akaweka namba ya akaunti ya benki ya dada, akapiga picha nzuri za vyondo arobaini na kimoja juu ya shuka jeupe. Kwa mwaka mzima kila oda iliyoingia aliishughulikia mwenyewe. Kazi ya dada ilikuwa kupeleka kiondo Karen na kusubiri. Kisha mume wa yule mama akahamishwa nchi nyingine. Alimwachia dada paswedi kwenye karatasi ya manjano na maneno ya kutia moyo. Barua pepe zake zikawa zinajibiwa baada ya wiki, halafu baada ya mwezi, halafu basi.

Duka likabaki, lakini kwa Kijerumani. Nilitafuta kitufe cha kubadilisha lugha kila kona, hakikuwapo. Lilikuwa soko la Wajerumani kwa Wajerumani, na sisi tulikuwa tumeingia kwa mlango wa mgeni.

Karibu mwezi mmoja kabla ya simu ile, baada ya miezi ya kimya, oda sita ziliingia siku moja. Labda mtu huko aliviweka vyondo mahali vikaonekana, hatukujua kamwe. Dada aliletewa barua pepe sita, kila moja na picha ya kiondo, jina na anwani. Jumatatu ile nilimuuliza kwenye simu, “Ulituma?”

“Nilituma. Vyote sita. Kwani mimi ni mwizi?”

Niliandika kwenye daftari: *Vimetumwa, 6.* Nilifanya kazi ya kusoma prufu gazetini kwa miaka mingi, na bado nina tabia ya kuandika kila ninachoambiwa. Nilichosahau ni tabia ya pili, ambayo ndiyo ya maana zaidi: kuuliza swali linalofuata.

Jumanne nilibeba kompyuta yangu hadi mjini. Ilinibidi niende mwenyewe, kwa sababu duka hilo lilitaka namba ya siri ya tarakimu sita kila unapoingia, na namba hiyo ilitumwa kwa laini iliyo ndani ya kabambe ya dada, ile simu ndogo ya vibonyezo anayotumia kupokea pesa. Namba ilidumu dakika tano tu. Dada alikuwa akiisoma kwa sauti huku mteja akimuuliza bei ya kiondo cha mkonge, na mara mbili alinisomea bei badala ya namba.

Tulipoingia hatimaye, nilikaa kwenye kigoda na kuangalia. Upande wa kushoto kulikuwa na orodha ya vichwa. Nilielekeza kamera ya simu kwenye skrini, nayo ikanitafsiria, maneno yakirukaruka kila simu iliposogea. Bidhaa zilizotundikwa. Oda. Ujumbe. Ada. Malipo. Nikavinakili kwenye daftari, neno lao upande mmoja na letu upande wa pili, herufi baada ya herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Neno la malipo yanayotoka lilikuwa *Auszahlung*. Nililiandika mara tatu kabla halijakaa sawa.

Dada hakutaka vichwa vingine. Alitaka malipo. Nikafungua.

Kulikuwa na tarakimu mbili. Ya juu, kwa rangi ya kijivu, ilisema 307,80. Ya chini, kwa rangi nyeusi, ilisema 12,30, na mbele yake kistari kidogo cha kutoa.

“Hiyo ya juu ni elfu thelathini na kitu,” dada alisema. “Niliiona hata mimi.”

“Hapana. Mkato wao ndio nukta yetu. Ni yuro mia tatu na saba, na senti themanini.”

“Na hiyo ya chini?”

Niliangalia tena kile kistari. “Hiyo ya chini ni deni.”

“Deni la nani?”

“Letu. Wanatudai kumi na mbili na senti thelathini.”

Jirani wa simu, ambaye sikio lake lilikuwa upande wetu tangu nifike, alicheka hadi bisibisi ikaanguka. “Dada, umeuza vyondo sita na wewe ndio unadaiwa! Hiyo biashara nipe namba yao nikae mbali.”

“Wewe tengeneza simu za watu,” dada alimwambia. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika.

Aliniegemea sikioni. “Wanatukata. Si ndio? Yule mama wa Karen alikuwa anaona hii kitu, akanyamaza.”

Hapo ndipo nilipopotea njia, na nakiri kwamba nilipotea kwa hiari. Dada alikuwa na shaka kwamba tunakatwa, nami nilikuwa na skrini nzima ya makato mbele yangu. Nilipiga picha kurasa zote za ada, nikarudi nyumbani, na Jumatano nilikaa nazo kutwa nzima.

Ada hazikuwa na siri. Zilikuwa nyingi tu, na kila moja ilikuwa na jina refu. Kwa kila kiondo kilichouzwa, soko lilichukua asilimia kumi ya bei. Aliyepitisha malipo ya kadi alichukua asilimia nne, na juu yake senti thelathini. Vyondo vyote sita vilikuwa vya bei moja, yuro sitini. Sita zikaenda sokoni, mbili na senti sabini zikaenda kwa wa kadi. Ikabaki hamsini na moja na senti thelathini. Mara sita, ni 307,80. Nilifanya hesabu mara mbili kwa kalamu, ikaja sawa mara zote mbili, na nilihisi ile furaha ndogo kavu ya kukuta ukurasa hauna kosa.

Lile deni nalo likaeleweka. Kila kiondo kilichotundikwa dukani kililipiwa senti thelathini kila baada ya miezi minne, na muda ukiisha kinajitundika upya chenyewe na kulipiwa tena. Vyondo arobaini na kimoja, senti thelathini kila kimoja: 12,30. Nilimpigia dada kumuuliza ni vingapi kati ya hivyo bado anavyo.

“Vingine viliuzwa hapa hapa mjini.”

“Vingapi?”

Alihesabu kwa kutaja rangi. “Kumi na tisa.”

“Mbona hukuviondoa mtandaoni?”

“Niondoe kwa nini? Hiyo ni sampuli. Mtu akitaka, tunamsukia kingine.”

Ndivyo anavyouza siku zote. Kile kilichoning'inia mlangoni si lazima kiwe kile utakachobeba. Lakini kule, kila picha ilikuwa kiondo kimoja, na kila kiondo kililipa kodi.

Kufikia jioni nilikuwa na kurasa nne safi za daftari. Ningeweza kumweleza mtu yeyote kila senti ilikokwenda. Na bado sikuwa nimejua kwa nini zile 307,80 zilikuwa za kijivu.

Alhamisi nilirudi mjini. Macho yaliniuma na mgongo ulikuwa umeshika umbo la kiti. Dada alininunulia chai na andazi, akaniangalia nikila kama mtu anayengoja matokeo ya daktari.

“Hawatuibii,” nilimwambia. “Kila kitu kiko kwa maandishi.”

“Basi pesa iko wapi?”

Safari hii nilifungua kile kichwa ambacho tangu Jumanne nilikuwa nakiruka. Oda. Mistari sita ikatokea, kila mmoja na picha ndogo ya kiondo, na mbele ya kila mstari alama nyekundu na tarehe. Tarehe ilikuwa moja kwa yote: kesho yake, Ijumaa. Chini ya kila picha kulikuwa na kitufe. Nikaelekeza simu. Simu ilisema: *Weka alama kuwa imesafirishwa.*

Nilibonyeza neno la msaada lililokuwa pembeni, likafungua ukurasa mrefu, nikausoma wote kwa kamera, kipande kwa kipande. Hapo kila kitu kikanyooka. Mnunuzi akilipa, pesa hukaa kijivu. Muuzaji akishatuma mzigo, anabonyeza kile kitufe na kuandika namba ya kufuatilia mzigo. Mzigo ukifika, pesa inageuka nyeusi, na Jumatatu inayofuata inatumwa benki. Kwa wauzaji walio nje ya Ulaya namba hiyo ni lazima. Asiye nayo, basi mnunuzi mwenyewe athibitishe kwamba amepokea. Siku thelathini zikipita bila hiki wala kile, oda inafutwa na mnunuzi anarudishiwa pesa yake yote.

Nilimsomea dada taratibu.

“Kwa hivyo kesho wanarudisha pesa,” alisema, “na vyondo wanavyo.”

“La, kama tuna namba. Nipe risiti ya kampuni ya mizigo.”

“Kampuni gani?”

“Uliyotumia kutuma.”

“Sikutumia kampuni.” Aliniangalia kama kwamba mimi ndiye mgeni wa nchi hii. “Nilimpa mtu.”

Niliweka kikombe chini. Mtu mwenyewe alikuwa nesi wa kanisani kwetu, anayefanya kazi hospitalini Ujerumani. Alikuwa amekuja likizo kumzika babake. Alipokuwa akirudi kazini, dada alimpa vyondo sita vilivyobanwa kimoja ndani ya kingine, pamoja na karatasi ya anwani, naye akaahidi kuviposti akifika. Hakuna jambo la kawaida zaidi ya hilo. Dawa za mama yetu zilikuja kutoka ng'ambo kwa njia hiyo. Unga na majani ya chai huenda kwa njia hiyo. Ukitaka kitu kifike, unampa mtu anayekwenda. Ukimpa kampuni, unajua umetupa pesa kwa sababu huna mtu.

Na kwa dada, mnunuzi akishalipa na kiondo kikishatoka mkononi, biashara imekwisha. Kitufe cha nini tena?

“Mbona hukuniambia?”

“Uliuliza nimetuma? Nikasema nimetuma.”

Ilikuwa kweli. Ilikuwa imeandikwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Siku tatu nilikuwa nimehesabu senti, na sikuwa nimeuliza *na nani*.

“Tumpigie nesi,” nilisema.

Dada alikataa. Alisema yule msichana amefiwa, amebeba mzigo wetu kwenye sanduku lake akaacha nguo zake, akalipa posta kwa pesa yake, na hata hiyo hajarudishiwa. “Sasa nimpigie nimwambie nini? Eti kazi yako haikutosha?”

“Usipompigia, Jumamosi utamwambia mwenyekiti nini?”

Jirani wa simu hakucheka safari hii. Alizima redio yake.

Dada alichukua simu yangu, akageukia ukuta, akatuma ujumbe wa sauti. Alianza kwa pole, akauliza hali ya mama yake nesi na miguu yake, akamshukuru kwa mzigo. Alizunguka dakika mbili nzima kabla ya kufika kwenye risiti, na alipofika akasema kwa haraka, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani usiku. Kisha tukangoja. Nesi alikuwa kazini. Saa kumi na moja dada alifunga kibanda, na sisi wawili tukashuka ngazi.

Ijumaa nilikuwa kibandani saa mbili asubuhi. Kule ilikuwa saa moja, na nesi alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu. Alipiga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama usiku kucha.

“Auntie, ungeniambia siku ya kwanza. Hiyo kitu ni ya dakika mbili.”

“Nilikuwa sitaki kukusumbua, mwanangu.”

“Sasa ndio umenisumbua.” Alicheka kidogo, halafu akapiga mwayo. “Risiti ninazo. Lakini si zote.”

Akaeleza. Kule mzigo mdogo unatumwa kwa njia mbili. Kuna ya bei ya juu, ambayo unapewa namba ya kuufuatilia, na ya bei nafuu, ambayo hupewi kitu. Alikuwa ametuma vinne kwa ile ya namba. Alipofika kwa viwili vya mwisho, pesa aliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa imepungua, akavituma kwa ile nafuu. “Nilifikiri kitu muhimu ni vifike,” alisema.

“Hata mimi,” dada alisema.

Picha za risiti nne zikaingia kwenye simu yangu. Niliandika namba moja baada ya nyingine kwenye kompyuta, dada akisoma kwa sauti na mimi nikirudia, tarakimu kwa tarakimu, kwa sababu tulikuwa tumechoka na hatukuaminiana macho. Kila nilipobonyeza kile kitufe, alama nyekundu iligeuka ya njano. Kile cha kwanza kilipogeuka, dada alisema “Asante Yesu” kwa sauti ndogo. Kufikia cha nne alikuwa anaangalia vile viwili vilivyobaki.

Nesi alikuwa bado yuko kwenye simu. Aliniuliza, “Umeangalia ujumbe?”

Sikuwa nimeangalia. Kile kichwa nacho nilikiruka, kwa kuwa hakikuwa na tarakimu ndani yake. Nilifungua. Kulikuwa na ujumbe mmoja, wenye umri wa siku tisa, ambao hakuna mtu aliyeusoma. Niliupiga picha nikamtumia, naye akatusomea akitafsiri papo hapo.

“Anasema kimefika. Anasema ni kizuri kuliko kwa picha. Anauliza ni nani aliyekisuka, na kama anaweza kukiosha kwa maji.”

Dada aliketi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliketi wiki hiyo.

“Mwambie asikioshe kwa maji ya moto,” alisema.

Ujumbe huo ulikuwa wa mmoja wa wale wawili. Nesi aliandika majibu kwa Kijerumani kwenye simu yake, akanitumia, nikayabandika. Alimshukuru yule mnunuzi, akamweleza kuhusu maji, kisha akamwomba abonyeze kwenye akaunti yake kwamba amepokea, kwa sababu leo ndiyo siku ya mwisho. Kwa yule mwingine tuliandika maneno hayo hayo, bila maji. Nesi akaaga akalale.

Saa sita kasoro mstari wa tano uligeuka rangi. Wa sita ulibaki mwekundu. Nilifungua ukurasa upya saa saba, saa nane, saa tisa. Mteja mmoja alinunua kiondo cha rangi ya zambarau na akapunguziwa mia mbili. Saa kumi na moja tulifunga. Dada hakuniambia niendelee kuangalia nyumbani, nami sikumkumbusha kwamba bila kabambe yake nisingeweza.

Jumamosi mwenyekiti alifika saa nne na robo, akiwa na kamba begani na kiondo kilichofika nusu mkononi. Tulimpa kigoda. Aliketi, mikono ikaendelea.

“Nasikia kuna kompyuta,” alisema.

Dada alikuwa amejiandaa kusema mambo kwa mpangilio, lakini alianza na la mwisho. “Mama, vitano vimepona. Kimoja kimepotea. Asubuhi tumekuta wamerudisha pesa ya mwenyewe.”

“Na kiondo?”

“Anacho.”

Mikono ya mwenyekiti haikusimama. Hakusema kitu kwa muda ambao niliona ni mrefu. Kisha akanigeukia mimi.

“Wewe ndiye uliyesoma. Nisomee.”

Nilimfungulia skrini ya malipo, nikamwonyesha tarakimu ya kijivu, ambayo sasa ilikuwa 256,50, na nikamweleza kwamba itageuka nyeusi mzigo ukionekana umefika, kisha itatoka siku ya Jumatatu, ikiwa imepungua lile deni, na benki nayo itachukua siku zake na chake. Dada akamweleza habari za nesi na msiba wake, nami nikamsomea kurasa zangu nne. Asilimia kumi, asilimia nne, senti thelathini. Hakuniuliza mara mbili. Aliposikia kuhusu senti thelathini za kila miezi minne ndipo aliponikatiza.

“Ngoja. Kiondo kinalipa kodi ya kuangaliwa?”

“Ndiyo, mama.”

“Hata kisipouzwa?”

“Hata kisipouzwa. Hata kikiwa kimeshauzwa hapa, kama hakijaondolewa.”

“Mko na vingapi vya hivyo?”

“Kumi na tisa,” dada alisema.

“Mnalipia vivuli.” Sasa alicheka, cheko fupi la puani. “Mimi nyumba yangu ya Kangemi inavuja, na kivuli cha kiondo kimepangishiwa chumba Ujerumani.”

Jirani wa simu alicheka pia, akaangaliwa, akaacha.

Kisha mwenyekiti aliomba kuona kile kilichopotea. Nilifungua mstari wa sita, ambao sasa ulikuwa umefifia, nikabonyeza picha ikapanuka. Kiondo cha mkonge wa asili, chenye mistari miwili ya kahawia na mmoja wa kijani uliopinda karibu na mdomo. Mikono yake ilisimama.

“Hiki ni changu,” alisema. “Hapa uzi wa kahawia uliisha nikamalizia na kijani. Nilifikiri hakuna mtu atakipenda.”

Dada alianza kusema kwamba atamlipa kutoka mfukoni mwake, mwezi ujao, kidogo kidogo. Mwenyekiti aliinua kidole kimoja, kile chenye sugu.

“Utanilipa. Na huyo msichana wa hospitali mrudishieni pesa ya posta kabla yangu. Amefiwa.” Alianza kusuka tena. “Nilikuwa nakuletea bandeli ya kumi wiki ijayo. Nitakuletea vinne. Na kiondo kikienda ng'ambo, kiende na namba. Mtu ni mzuri, lakini mtu hana namba.”

“Sawa, mama.”

“Nikiona pesa ya hivyo vinne imerudi vizuri, tutaongea juu ya kumi.”

Dada aliinamisha kichwa. Baada ya miaka tisa ya vyondo kumi, vinne ni jambo la kumeza taratibu. Lakini alikuwa bado na wasusi, na wasusi walikuwa bado na yeye. Niliona mabega yake yakishuka kidogo.

“Na wewe,” mwenyekiti aliniambia, “utakuwa unakuja kunisomea hiyo kitu. Jumamosi.”

“Jumamosi ijayo?”

“Kila Jumamosi.”

Niliangalia daftari langu. Kulikuwa na kurasa nyingi tupu. Nikasema sawa, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia imechoka.

Kilichobaki kilikuwa kuondoa vivuli. Nilifungua bidhaa zilizotundikwa, dada akaanza kutaja rangi, mimi nikatafuta picha na kuifuta. Kila mara skrini iliniuliza kama nina uhakika, na kila mara ilinibidi nibonyeze tena kukubali, kwa hiyo mibonyezo kumi na tisa ikawa thelathini na nane. Chai ilipoa. Mwenyekiti alikuwa ameegemea mbele akiangalia kila kimoja kikitoweka, akitamka kwa sauti ya chini ni nani aliyekisuka. Huyu alihamia kwa bintiye. Huyu ni marehemu. Huyu bado anadai pesa ya uzi.

Tulipofika cha kumi na tano, kidole changu kikiwa tayari juu ya kitufe, alinishika mkono.

“Ngoja kwanza,” alisema. “Hiki nacho ni changu. Wacha nikiangalie kidogo.”

Nikangoja.